Damu Moja, LDL Mbili: Kwa Nini Namba Hupishana Trigliseridi Zikipanda

Kuna swali linalorudi kila watu wanapoonyeshana majibu ya kipimo cha mafuta ya damu: imekuwaje damu ileile, iliyotolewa asubuhi ileile, isome LDL 45 kwenye karatasi moja na 61 kwenye nyingine? Wengi huamua kuwa maabara mojawapo imeboronga. Wengine huichagua ile namba inayowapendeza na kuiweka nyingine kabatini. Kumbe mara nyingi hakuna aliyekosea. LDL iliyoandikwa kwenye karatasi hupatikana kwa njia zaidi ya moja, na njia hizo huanza kuachana pale trigliseridi zinapokuwa nyingi.

Tuanze na maneno yenyewe. Kolesteroli ni mafuta, na mafuta hayayeyuki kwenye maji. Ili isafiri ndani ya damu, mwili huifunga ndani ya chembe ndogo zilizozungukwa na protini. Ini hutoa chembe kubwa ziitwazo VLDL, ambazo mzigo wake mkuu ni trigliseridi, yaani mafuta ya nishati, pamoja na kolesteroli kiasi. Zinapopita mwilini hushusha trigliseridi kwenye misuli na kwenye hifadhi za mafuta, zikapungua, na baadhi yake zikaishia kuwa LDL: chembe ndogo, iliyobaki na kolesteroli kwa wingi, yenye uwezo wa kupenya ukuta wa mshipa na kukwama humo. HDL ni familia nyingine, ndogo zaidi, ambayo kazi yake mojawapo ni kurudisha kolesteroli kwenye ini.

Maabara inapoandika LDL haihesabu chembe za LDL. Inataja kiasi cha kolesteroli kilichomo ndani ya chembe hizo zote kwa pamoja. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini itatusumbua huko mbele.

Namba inayopatikana kwa kutoa

Maabara ya kawaida hupima vitu vitatu kwa urahisi: kolesteroli yote iliyomo kwenye damu, kolesteroli ya HDL, na trigliseridi. LDL ndiyo ngumu. Kwa hiyo kwa miongo mingi imekuwa haipimwi, hukokotolewa. Fikiria mzazi aliyesimama kwenye mizani akiwa na mtoto mgongoni na mkoba begani. Uzito wa jumla unaujua. Uzito wa mzazi peke yake unaujua. Mkoba hujaupima, ila umeukadiria kwa kutazama ukubwa wake. Ukitoa mzazi na mkoba, kinachobaki unakiita uzito wa mtoto. Ukikadiria mkoba kuwa mzito kuliko ulivyo, mtoto atasomeka mwepesi ingawa hajakonda hata kidogo.

Mtoto hapo ni LDL. Mzazi ni HDL. Mkoba ni kolesteroli iliyomo ndani ya VLDL, na ndiyo sehemu inayokisiwa. Mwaka 1972 William Friedewald, Robert Levy na Donald Fredrickson walichapisha njia ya kuikisia. Waliona kwamba kwa watu wengi waliofunga kula, VLDL hubeba trigliseridi takriban mara tano ya kolesteroli yake. Basi ukigawa trigliseridi kwa tano unapata kolesteroli ya VLDL:

```
LDL = Jumla - HDL - (TG / 5)
```

Hiyo ni kwa vipimo vya mg/dL. Maabara zinazotumia mmol/L hugawa kwa 2.2 badala ya 5, na mtu anayejikokotolea nyumbani akichanganya vigawanyo hivyo viwili atapata upuuzi.

Kwa mtu mwenye trigliseridi za kawaida, kanuni hii imefanya kazi vizuri mno kwa kitu rahisi kiasi hicho. Shida ni kwamba ile tano haitulii. Trigliseridi zinapopanda, ini hutoa VLDL zilizonenepa, zilizosheheni trigliseridi kuliko kawaida, na uwiano hupanda kwenda sita, saba, hata zaidi. Baada ya mlo huongezeka chembe nyingine kutoka utumbo, kilomikroni, ambazo karibu zote ni trigliseridi tupu. Kanuni haijui hayo. Inaendelea kugawa kwa tano, inaukadiria mkoba kuwa mzito, inatoa kupita kiasi, na LDL inashuka kwenye karatasi.

Waliobuni kanuni walilijua hilo tangu mwanzo, na walionya isitumike trigliseridi zikipita 400 mg/dL, yaani kama 4.5 mmol/L. Ukitaka kuona sababu, chukua mtu mwenye kolesteroli ya jumla 200, HDL 30 na trigliseridi 900. Mia tisa kwa tano ni 180. Mia mbili toa 30, toa 180, unabaki na hasi kumi. Hakuna binadamu mwenye LDL hasi. Ndiyo maana maabara nyingi hapo huacha nafasi wazi au kuandika kwamba LDL haikuweza kukokotolewa, na mgonjwa huondoka akidhani sampuli yake imeharibika.

Lakini namba hasi si ya kuogopwa sana, kwa kuwa inajitangaza yenyewe. Ya kuogopwa ni ile iliyopotoka lakini inafanana na ukweli, kati ya trigliseridi 150 na 400, na hasa LDL yenyewe inapokuwa ndogo.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuseme kuna mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo, ana kisukari, na anameza statini, dawa ya kushusha kolesteroli. Kwa mtu wa aina hiyo, mwongozo wa Ulaya wa 2019 unataka LDL iwe chini ya 55. Majibu yake: kolesteroli ya jumla 150, HDL 35, trigliseridi 350.

Kwa kanuni ya 1972: 350 kwa tano ni 70. Mia moja na hamsini toa 35, toa 70, inabaki 45. Lengo limefikiwa. Anapongezwa, dozi haiguswi.

Damu hiyohiyo ikipitishwa kwenye fomula mpya zaidi, iliyotolewa mwaka 2020 na Maureen Sampson na wenzake wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, LDL inakuwa 61. Fomula hiyo ni ndefu na haina haja ya kuandikwa hapa. Kikubwa ni kwamba haishikilii tano moja kwa watu wote, bali hubadilisha makadirio ya VLDL kufuatana na trigliseridi na kolesteroli ya mgonjwa mwenyewe, na inakubalika hadi trigliseridi 800. Kwa mtu wetu, kolesteroli ya VLDL inakadiriwa kuwa 54, si 70. Zile 16 zilizozidi zilikuwa zimechotwa kwenye LDL bila haki.

Kabla ya hapo, mwaka 2013, watafiti wa Johns Hopkins walikuwa wameshapita njia nyingine. Walichukua majibu ya watu zaidi ya milioni moja na laki tatu wakatengeneza jedwali la visanduku 180, kila kimoja na kigawanyo chake. Vigawanyo hivyo vinaanzia kama 3 na kufika karibu 12. Ukiona upana huo ndipo unaelewa jinsi tano moja kwa wote ilivyokuwa ya kulazimisha.

Kwa hiyo mtu wetu amefikia lengo au hajafikia? Kuna namba moja inayoweza kuamua bila kukisia chochote: kolesteroli isiyo ya HDL. Ni jumla kutoa HDL, basi. Kwake ni 150 toa 35, yaani 115. Ndani yake mna LDL, VLDL, masalia ya VLDL, kila chembe inayoweza kuingia kwenye ukuta wa mshipa. Haijali kama alikula, haijali trigliseridi ziligawanywa kwa ngapi. Lengo lake kwa mgonjwa huyu ni chini ya 85. Ana 115. Hajafikia, tena yuko mbali. Mimi naona ajabu kwamba namba isiyohitaji kipimo cha ziada bado hukosekana kwenye karatasi nyingi za majibu, wakati ile iliyojaa makisio ndiyo huandikwa kwa herufi nzito.

Sasa songa miezi mitatu mbele. Sukari imedhibitiwa, pombe imeachwa, statini ni ileile. Majibu: jumla 137, HDL 40, trigliseridi 150. Kanuni ya zamani inatoa 137 toa 40 toa 30, yaani 67. Mtu anatazama karatasi mbili: LDL ilikuwa 45, leo 67. Amejinyima, na LDL "imepanda" karibu nusu. Hapa ndipo watu huacha dawa kwa hasira.

Ukweli ni kwamba hali yake ni nzuri zaidi. Kolesteroli isiyo ya HDL imeshuka kutoka 115 hadi 97. Kwa fomula ya 2020, LDL imetoka 61 kwenda 71. Ile ngazi ya 22 aliyoiona imepungua ikawa 10. Sehemu kubwa ya kupanda ilikuwa ni hesabu iliyokuwa imeinamishwa na trigliseridi, ikarudi kusimama wima. Na hizo 10 zilizobaki nazo zina maelezo.

Kuna mabadiliko ambayo si ya hesabu

Trigliseridi nyingi hazipotoshi karatasi peke yake. Hubadilisha chembe zenyewe. Ndani ya damu kuna protini iitwayo CETP, ambayo kazi yake ni kubadilishana mizigo kati ya chembe. VLDL zikijaa, CETP huchukua trigliseridi kutoka kwao na kuzipeleka kwenye LDL na HDL, na kurudi na kolesteroli. Kisha kimeng'enya cha ini huzinyofoa zile trigliseridi, na chembe hubaki ndogo, nzito kwa ujazo wake, na zenye kolesteroli haba.

Kwa upande wa LDL, matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na chembe nyingi, kila moja ikiwa na kolesteroli kidogo. Kumbuka tulichosema: maabara hupima kolesteroli iliyomo, haihesabu chembe. Hivyo LDL inaweza kusomeka ndogo hata kama imekokotolewa kwa fomula bora kabisa, huku idadi ya chembe ikiwa kubwa. Trigliseridi zikishuka, chembe hurudi kubeba kolesteroli yao kamili, na LDL hupanda kidogo bila chembe kuongezeka. Daktari akitaka kukata mzizi wa fitina ataagiza ApoB. Hiyo ni protini iliyopo moja tu kwenye kila chembe ya VLDL na ya LDL, kwa hiyo ukipima kiasi chake umehesabu chembe.

Kwa upande wa HDL, zile zilizopungua huondolewa haraka kwenye damu. Ndiyo sababu trigliseridi nyingi na HDL ndogo hutembea pamoja, kama ilivyokuwa kwa mtu wetu: 350 na 35 mwanzoni, 150 na 40 baadaye.

Basi si wapime tu moja kwa moja?

Maabara zinaweza, na nyingi hufanya hivyo. Pembeni ya jina LDL kwenye karatasi mara nyingi utaona *Calc* kwa iliyokokotolewa na *Direct* kwa iliyopimwa. Ikiwa hakuna neno lolote, uliza maabara. Ni swali la dakika moja, na bila jibu lake kulinganisha karatasi za maabara mbili ni kubahatisha.

Imani iliyoenea ni kwamba iliyopimwa ndiyo ya kweli, na iliyokokotolewa ni ya mkato. Mambo hayako hivyo. Kipimo cha moja kwa moja kinachotumika kwenye mashine za kawaida hakizitenganishi chembe. Hutumia kemikali za aina ya sabuni ambazo hulenga uso wa chembe: kwa kawaida hatua ya kwanza huiondoa kwenye hesabu kolesteroli ya HDL, VLDL na kilomikroni, halafu inayobaki hupimwa kama LDL. Kila mtengenezaji ana mapishi yake. Kwa damu ya mtu mzima wa afya, mapishi hayo hukubaliana vya kutosha. Kwa damu yenye trigliseridi nyingi, ambamo mna masalia ya VLDL yasiyofanana vizuri na VLDL wala na LDL, kila mapishi huamua kivyake yaingizwe wapi, na mashine mbili zinaweza kutoa namba mbili tofauti, zote zikiitwa za moja kwa moja. Yaani kipimo hiki huyumba kwa watu walewale tuliokuwa tunakihitaji kwa ajili yao, ingawa bado kina nafuu pale trigliseridi zinapokuwa juu kiasi kwamba fomula hazifai.

Na kipimo cha rejea, kile ambacho vingine vyote hupimwa navyo? Humo damu huzungushwa kwa kasi kubwa sana kwa saa nyingi hadi VLDL ielee juu. Kisha hupimwa kolesteroli ya kilichobaki chini, ambacho ni LDL na HDL, halafu hupimwa HDL peke yake, na LDL hupatikana kwa… kutoa. Hata huko hatukuikwepa.

Kufunga kula husaidia kiasi. Mlo wa kawaida hupandisha trigliseridi za watu wengi kidogo tu, na ndiyo maana miongozo mingi siku hizi hairudishi mtu nyumbani kwa sababu alikunywa chai. Ila zikitoka juu ya 400 bila kufunga, rudia baada ya saa 9 hadi 12 bila chakula wala pombe kabla ya kuamua lolote. Na hata ukifunga, trigliseridi za mtu mmoja huweza kuyumba kwa karibu moja ya tano kati ya siku na siku. Kwa mwenye 350 hiyo ni 70, na 70 kwa tano ni pointi 14 kwenye makadirio ya VLDL.

HDL iliyopita kiasi

Imebaki ile karatasi inayofurahisha watu: HDL 112. Kwa kuwa HDL huitwa kolesteroli nzuri, mtu hudhani ameshinda bahati nasibu. Tazama majibu yote: jumla 265, HDL 112, trigliseridi 55. Jumla inatisha, lakini karibu nusu yake ni HDL, kwa hiyo ile jumla peke yake haisemi kitu. LDL kwa kanuni ya zamani ni 265 toa 112 toa 11, yaani 142. Trigliseridi zikiwa chini hivi, kosa la makadirio ni dogo, na kama lipo huelekea upande wa kuizidisha LDL. Hiyo 142 ni ya kuaminika, na ni nyingi.

Je, HDL 112 haiifuti? Haifuti. Kwa muda mrefu ilionekana hivyo kwa sababu watu wenye HDL kubwa kidogo kwa kweli huugua moyo kwa uchache kuliko wenye HDL ndogo. Lakini walipojaribu kuipandisha kwa makusudi, mambo yaligeuka. Dawa iitwayo torcetrapib, inayozuia ile CETP, ilipandisha HDL kwa zaidi ya asilimia 70. Jaribio lilisimamishwa Desemba 2006 kwa sababu waliokufa walikuwa wengi zaidi upande wa waliopewa dawa, ingawa sehemu ya lawama iliangukia madhara mengine ya dawa hiyo, kama kupandisha shinikizo la damu. Vinasaba vinavyopandisha HDL peke yake navyo havikuonyesha kukinga moyo. Mwaka 2016 ilielezwa hitilafu ya kinasaba kiitwacho SCARB1, ambayo huziba mlango wa ini unaopokea kolesteroli kutoka HDL. Mwenye nayo ana HDL kubwa kwa sababu mzigo hauna pa kushushwa, na hatari yake ya moyo ni kubwa, si ndogo. Nchini Denmaki mwaka 2017, utafiti wa watu zaidi ya laki moja ulionyesha vifo kuwa vingi zaidi kwa wanaume wenye HDL 116 au zaidi na wanawake wenye 135 au zaidi. Huo hauthibitishi kuwa HDL ndiyo inayoua, lakini unatosha kuondoa ile dhana kwamba kadiri inavyopanda ndivyo unavyokingwa.

Wengi wenye HDL ya zaidi ya 100 wana sababu isiyo na makuu: urithi wa familia, homoni ya estrojeni, mazoezi makali ya muda mrefu. Wengine ni pombe. Wengine ni ugonjwa wa ini unaoziba njia za nyongo, au dawa kama fenitoini.

Kinachopaswa kumshtua msomaji wa karatasi ni HDL kubwa na trigliseridi kubwa kwa pamoja. Tumeona kwamba moja ikipanda nyingine huvutwa chini, kwa hiyo jozi hiyo huenda kinyume na kawaida na inataka maelezo. Swali la kwanza ni pombe, kwa kuwa hupandisha zote mbili. La pili ni estrojeni ya kumeza, kwa sababu hiyohiyo. Vyote viwili visipokuwepo, shuku kipimo: HDL nayo siku hizi hupimwa kwa kemikali za aina ileile, na damu iliyojaa mafuta hadi kuwa na rangi ya maziwa, au yenye protini zisizo za kawaida, huweza kuichanganya mashine. Kosa la HDL haliishii kwenye HDL, maana kila pointi iliyozidi huko inapungua kwenye LDL iliyokokotolewa, na pia kwenye kolesteroli isiyo ya HDL. Hapo hata ile namba niliyoisifu haiokoi, na njia iliyobaki ni kurudia kipimo kwa kufunga, ikiwezekana kwenye mashine ya mtengenezaji mwingine, pamoja na ApoB.